Webina ya saa moja na nusu, teza ya sekunde 30: skripti unaitoaje

Wadau habari zenu. Kuna hii kazi ambayo saa hizi karibu kila mtu anayejua kuediti anaombwa, unatumiwa linki ya webina ya dakika 90 na ushee afu unaambiwa tutolee kateza ka sekunde 30 tuweke status na Instagramu ili watu waifungue webina yenyewe. Sekunde 30 zimekuwa desturi maana status ya WhatsApp kwa miaka mingi ilikuwa inakata video hapo hapo kwenye 30, na hata sasa wameongeza muda watu bado wanaomba hizo hizo.

Wengi wakishapokea hiyo linki wanafungua programu ya kuediti moja kwa moja, wanaanza kuburuta huku na kule wakitafuta sehemu nzuri, saa nne zinapita na bado hawajajua teza inasema nini. Mimi naanza na karatasi. Teza unaimaliza kwenye skripti kwanza, ukishaimaliza hapo kukata ni kazi ya nusu saa. Ntaeleza jinsi navyofanya, na ntatumia mfano mmoja mwanzo mwisho. Webina ya mfano nimeitunga ili nisianike kazi ya mteja yeyote, ila mambo ya mahindi yaliyomo ni ya kweli.

Mfano wetu ni webina ya dakika 92, mada ni kuhifadhi mahindi baada ya mavuno na kujikinga na sumukuvu. Wapo watatu: mwongozaji, mtaalamu wa hifadhi ya mazao, na mama mmoja mkulima wa Kongwa, Dodoma. Rekodi ipo YouTube, tunataka watu waifungue.

Hatua ya 1: sikiliza ukiwa na kalamu, na anza na chati

Kabla hujasikiliza chochote fungua faili la chati. Ukirekodi webina Zoom unaweza kupata na faili la maandishi la zile meseji, kila meseji ina muda pembeni. Cheki kama huo muda ni wa tangu rekodi ianze au ni saa ya ukutani, maana ukiwa ni wa ukutani itabidi utoe. Kwetu rekodi ilianza 14:02:10, na ilipofika 14:44 chati ililipuka, meseji kumi na kitu mfululizo, watu wanasema hata mimi nafanya hivyo, hata bibi yangu. 14:44:00 toa 14:02:10 unapata dakika 41 na sekunde 50. Ila mtu akisikia kitu kwanza anashtuka, afu anatafuta simu, afu anaandika, kwa hiyo kilichowashtua kiko nyuma kidogo. Rudi nusu dakika mpaka dakika nzima uanzie hapo.

Baada ya hapo sikiliza yote. Ndiyo, yote, dakika 92, unaweza kuweka spidi ya 1.5 ikawa kama saa moja na ushee. Usiandike maneno kwanza, andika muda tu kila pale ambapo wewe mwenyewe umeacha kufikiria kitu kingine. Usijiulize kama ni muhimu au si muhimu. Mtaalamu ataongea mambo muhimu dakika 40 na hakuna hata moja litakalofaa teza, kwa sababu muhimu kwake ni maelezo na maelezo yanataka muda.

Sehemu za kuwa macho ni pale msemaji anapoacha slaidi akaanza kusimulia, pale wawili wanapopingana au mmoja anamsahihisha mwenzake, pale mtu anaposhika kitu mkononi akakionyesha kwenye kamera, na maswali ya mwisho. Mwanzo wa webina, zile dakika kumi za kukaribishana na kusoma wasifu wa wageni, sikumbuki kama nimewahi kupata kitu humo.

Kwenye webina yetu nimetoka na hivi:

00:07:40, mtaalamu anaeleza sumukuvu ni nini, inatengenezwa na ukungu aina ya Aspergillus.
00:23:05, mtaalamu anasema mwaka 2004 Kenya, maeneo ya Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu.
00:41:12, mama anaeleza alivyokuwa anapima ukavu kwa meno.
00:41:31, mtaalamu anamjibu.
00:44:30, mtaalamu anaonyesha chupa ya chumvi. Jibu la chupa linakuja 00:59:10.
01:08:40, mtu anauliza kama ukipika sana sumu inaisha, mtaalamu anasema haiishi.
01:15:20, mama anasimulia magunia aliyomwaga.

Saba zinatosha. Ukiwa na 25 maana yake hukusikiliza vizuri, umekusanya tu.

Hatua ya 2: andika neno kwa neno, afu toa kila sentensi peke yake

Sasa hizo saba tu ndo unaandika, na unaandika kama zilivyosemwa, na "eeh" zake na kurudia kwake. Usisafishe, maana ukisafisha kwenye karatasi utajikuta umepanga skripti ya maneno ambayo hakuna mtu aliyeyasema, na mkasi hauwezi kutengeneza sauti ambayo haipo.

Mama 00:41:12: "Eeh asante, mimi sasa, mimi nilikuwa natumia meno, yaani nachukua punje naitia mdomoni, nikiuma punje ikalia ka! najua mahindi yamekauka, naingiza ghalani, na mama yangu ndo alikuwa anafanya hivyo hivyo."

Mtaalamu 00:41:31: "Mama, meno yanadanganya. Yanadanganya kwa sababu punje inaweza kukauka nje ndani ikawa bado."

Mtaalamu 00:44:30: "Sasa hii njia haikuambii kama kuna sumukuvu, inakuambia kama mahindi yamekauka tu. Chukua chupa kavu, weka chumvi kavu kidogo, weka mahindi, tikisa. Sasa tuiache itulie, tutarudi tuangalie chumvi."

Mama 01:15:20: "Na mwaka ule, ule niliosema, nilimwaga magunia sita. Sita! Yote yameota ukungu, na niliyauma vizuri tu kabla sijayaweka."

Mtaalamu 01:08:40: "Haiishi. Hata uchemshe kutwa nzima haiondoki, ndo maana nikasema pale mwanzo ile kazi ianzie shambani."

Ukishaandika, kila sentensi ipime hivi: mtu ambaye hajaangalia webina hata sekunde moja akiisikia hii peke yake ataelewa inaongelea nini? Na hapa Kiswahili kina mtego wake ambao nimeona unawaponza waediti wengi wanaojifunza kwa video za Kiingereza. Kwetu kitu kinachoongelewa kinajificha ndani ya kitendo. "Usiyaweke", "haiondoki", "ukishauziba", hizo ya, i, u zinarudi kwenye jina lililotajwa labda dakika tatu nyuma. Wewe umesikiliza webina nzima kwa hiyo kichwani mwako "haiondoki" ni sumukuvu bila wasiwasi, lakini mtu wa status anasikia kuna kitu hakiondoki, basi. Ndo maana lile jibu la kupika, japo ni zito sana na ni kweli kabisa kwamba kupika kwa kawaida hakuiondoi hiyo sumu, linaanguka kwenye huu mtihani. Jina halimo hata mara moja. Ungeweza kuliokoa kwa kuandika swali kwenye skrini, ila kwenye sekunde 30 kila kitu unachookoa kwa maandishi kinakula muda wa kusoma.

Waangalie pia kina "ule", "hiyo", "pale", "kama nilivyosema". Mama anasema "mwaka ule, ule niliosema". Kata. Anza kwenye "nilimwaga magunia sita", sentensi inasimama yenyewe na wala haijapoteza kitu.

Hatua ya 3: amua mtazamaji aondoke na swali gani

Hapa ndo kazi yenyewe ilipo kwa hiyo ntakaa kidogo.

Teza ya kwanza ambayo karibu kila mtu anaiandika inakuwa muhtasari. Inaanza na karibu kwenye webina yetu, wataalamu walizungumzia hiki, na kile, na kile, usikose. Ukimaliza kuiangalia unajua mada tatu na huna sababu ya kufungua linki, maana umeshaambiwa kila kitu kwa juu juu. Teza inatakiwa imwachie mtu jambo moja analotaka kulijua na ambalo jibu lake lipo ndani ya webina. Moja. Kwa hiyo kabla sijapanga klipu naandika hilo swali juu ya karatasi kwa sentensi moja.

Kwa webina yetu nilikuwa na maswali mawili ya kuchagua. La kwanza: je mahindi ninayokula yanaweza kuniua? Hilo lingejengwa na ile klipu ya watu 125 wa mwaka 2004. La pili: kama meno yanadanganya, nitajuaje mahindi yangu yamekauka?

La kwanza lina nguvu zaidi ya kushtua, na wateja wengi watakuambia anza na vifo. Mimi sikulichukua, na sababu si uoga. Angalia kinachotokea ukiliunganisha na chupa. Mtu anasikia watu 125 walikufa kwa sumu, sekunde inayofuata anaona mtaalamu anatikisa chupa yenye chumvi. Atakachobeba ni kwamba chupa ya chumvi inapima sumu. Na haipimi! Ile chupa inaonyesha unyevu tu. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa ujue unyevu wa mahindi uko juu ya asilimia 15 hivi, isipoganda uko chini ya hapo, na hata hapo kwa kuhifadhi muda mrefu unatakiwa ushuke kama mpaka 13.5. Sumukuvu inaweza kuwa imeshaingia tangu shambani na mahindi yakawa makavu kabisa. Mtaalamu mwenyewe alisema hivyo sentensi ya kwanza kabla ya kushika chupa, na ndo sentensi ya kwanza mkasi utakayoiondoa kwa sababu ni ndefu. Hujabadilisha hata neno moja la mtu yeyote, umeweka klipu mbili za kweli pembeni kwa pembeni, na umetengeneza uongo ambao mtu anaweza kuulisha watoto wake.

Kwa hiyo angalia kila klipu peke yake, afu angalia kila jozi inayogusana. Jiulize mtu akiona hii ikifuatwa na hii ataamini nini, na je msemaji angekubali kusema hivyo? Niliwahi kuikosa hii kwenye kazi moja zamani, nilikata "ila" ya daktari mmoja ili sentensi iishie vizuri, teza ikatoka ikisema kitu chenyewe bila sharti lake. Alinipigia simu jioni hiyo hiyo tukaitoa, lakini ilikuwa imeshasambaa kwenye magrupu na kwenye magrupu hakuna wa kuirudisha. Tangu siku hiyo kila nikikata mbele ya "ila", "lakini", "kama" au "isipokuwa", naweka alama nyekundu nirudi nisome kilichobaki.

Swali la pili, la meno na chupa, halina hiyo hatari kwa sababu mwanzo mpaka mwisho linaongelea ukavu. Na lina faida nyingine, webina yenyewe imeacha jibu likining'inia: mtaalamu anatikisa 00:44:30, anaiacha chupa itulie, anarudi nayo 00:59:10. Huhitaji kutengeneza hamu ya kujua, ipo tayari kwenye rekodi, wewe unakata tu kabla ya jibu.

Hivyo klipu ya 2004 na ya kupika zinabaki nje. Zinauma kuziacha. Zitunze, kila moja inaweza kuwa teza yake siku nyingine.

Hatua ya 4: hesabu maneno kabla ya sekunde

Ukisoma maelekezo ya Kiingereza watakuambia sekunde 30 ni maneno 75 mpaka 80. Usifuate hiyo. Neno la Kiswahili ni refu, "hatukuyakausha" ni neno moja lenye silabi saba ambalo Kiingereza kingelisema kwa maneno matano. Kwa wasemaji ninaowakata mimi, mtu anayeongea kwa utulivu anatoa kama maneno mawili kwa sekunde, kwa hiyo 60 ndo ukomo, na hayo ni maneno bila kupumua. Ukiweka nafasi ya watu kuvuta pumzi na ya picha kuonekana unabaki na 40 mpaka 45.

Ila usichukue namba yangu kama ilivyo, mpime msemaji wako. Chukua nusu dakika yoyote aliyoongea mfululizo, hesabu maneno, gawa kwa 30. Mama wa Kongwa anaweza kuwa na 1.8, mtaalamu 2.3. Dakika tano za kuhesabu zinakuepusha na kuandika skripti ya sekunde 44 afu uanze kuongeza spidi ya sauti mpaka watu waongee kama wanafukuzwa.

Hatua ya 5: panga skripti

Usifuate mpangilio wa webina. Cha kwanza kiwe kile ambacho mtu akisikia tu anajiona mwenyewe, bila salamu, bila logo. Logo sekunde ya kwanza ni mlango wa kutokea, mtu anasogeza kidole kabla haijamaliza kuzunguka.

Yetu imetoka hivi:

Sekunde 0 mpaka 6, mama, uso wake karibu:
"Mimi nilikuwa natumia meno. Nikiuma punje ikalia ka! najua mahindi yamekauka."

6 mpaka 8, mtaalamu:
"Mama, meno yanadanganya."

8 mpaka 13, mama:
"Nilimwaga magunia sita. Sita! Yote yameota ukungu."

13 mpaka 21, mtaalamu, chupa mkononi:
"Chukua chupa kavu, weka chumvi kavu kidogo, weka mahindi, tikisa. Tutarudi tuangalie chumvi."

21 mpaka 24, chupa peke yake, kimya. Maandishi: Yamekauka, au bado?

24 mpaka 30, sauti ya mwongozaji, imerekodiwa upya, na maandishi hayo hayo kwenye skrini:
"Webina nzima ya kuhifadhi mahindi, linki iko chini."

Hesabu yaliyosemwa: 11, 3, 7, 13, 8. Jumla 42. Imekaa.

Kuna maamuzi mengine humo yanahitaji maelezo. Magunia sita yalisemwa dakika ya 75 lakini nimeyaweka mara tu baada ya "meno yanadanganya", maana yake teza inadai hasara ilitokana na kupima kwa meno. Je ni kweli? Rudi kwenye maneno yake: "na niliyauma vizuri tu kabla sijayaweka". Amesema mwenyewe, basi ruksa. Asingesema hivyo, tuseme yaliloa kwa sababu bati lilivuja, hiyo klipu nisingeiweka pale hata kama inagusa namna gani.

"Mama, meno yanadanganya" ni maneno matatu tu na ndo mhimili wa teza nzima. Kwenye kila webina mtafute huyo, ile sentensi fupi inayogeuza kilichosemwa kabla yake. Mara nyingi utamkuta kwenye mazungumzo ya watu wawili, kwenye slaidi hayupo. Ukimpata, vingine vinajipanga kumzunguka. Usimpe muziki wa kushtua wala sauti ya ngoma, mwache aanguke mwenyewe.

Na zile sekunde tatu za kimya, mteja ataomba uzijaze. Zitetee. Ndo mahali pekee mtazamaji anapata nafasi ya kujiuliza yeye mwenyewe, na macho yake yapo kwenye chumvi.

Hatua ya 6: kata rafu uisikilize

Skripti inaweza kuwa nzuri kwenye karatasi afu sauti ikakataa. Kwa hiyo kabla ya kuediti kwa uzuri natoa vipande vya rafu. Kama una programu ya `ffmpeg` kwenye komputa ni amri ya mstari mmoja kwa kila kipande:

```
ffmpeg -ss 00:41:31 -to 00:41:33 -i webina.mp4 -c:v libx264 -c:a aac k2.mp4
```

Usitumie `-c copy` hapa japo ni ya haraka, itakata kwenye fremu kuu iliyo karibu na sio pale ulipotaka, unaweza kupishana hata sekunde kadhaa. Vipande vikikamilika andika majina yake kwenye faili `orodha.txt`, kila mstari `file 'k1.mp4'` na kuendelea, afu:

```
ffmpeg -f concat -safe 0 -i orodha.txt -c copy rafu.mp4
```

Hapa `-c copy` haina shida kwa sababu vipande vyote vimetoka kwenye rekodi moja kwa mipangilio ile ile, ile sauti ya mwongozaji iliyorekodiwa upya utaiweka baadaye.

Sasa sikiliza ukiwa umefumba macho. Unatafuta vitu viwili. Cha kwanza ni sauti inayobaki juu. Mtu akimaliza wazo sauti yake inashuka, akiwa anaendelea inabaki imeinuka. Ukikata mama kwenye "yamekauka" wakati yeye alikuwa anaendelea na "naingiza ghalani", sauti itabaki juu na sikio litasubiri kitu. Kwa bahati kwetu kinachofuata ni mtaalamu anamkatiza, kwa hiyo inasikika kama mazungumzo ya kweli na inafaa. Ila ile ile ikitokea mwishoni mwa klipu kabla ya kimya, inasikika kama video imekwama. Tafuta mahali pengine pa kukatia, au sentensi nyingine.

Cha pili ni mshono wa ndani. Kwenye klipu ya kwanza nimeruka "yaani nachukua punje naitia mdomoni", kwa hiyo kichwa cha mama kitaruka kwenye picha. Funika huo mshono kwa picha ya mkono wenye punje au punje zikiwa kwenye turubai, sekunde moja na nusu inatosha. Acha na kapumzi kadogo kabla ya "nikiuma", ukifuta pumzi zote mtu anaanza kusikika kama mashine. Na mshono mmoja kwa klipu, ukiona unahitaji mitatu ili sentensi ikae sawa, hiyo sentensi mtu hakuisema, umeitunga wewe.

Ubora wa sauti nao unaamua. Mama akiwa anaongea kwa simu mtandao ukawa unakatika "meno" ikawa "me...o", hata iwe klipu ya dhahabu achana nayo. Kama webina bado haijafanyika na wewe ndo unarekodi, kwenye Zoom washa ile ya kurekodi faili la sauti la kila mshiriki peke yake, itakusaidia pale wawili wanapoongea kwa pamoja.

Hatua ya 7: waonyeshe watu wawili, afu wenyewe

Watu wawili ambao hawakuwepo kwenye webina. Waonyeshe mara moja tu, wa kwanza na sauti, wa pili bila sauti kwa sababu wengi wataiona wakiwa kwenye daladala na simu iko kimya, kwa hiyo maneno yote yawe yameandikwa chini. Usiwaulize imependeza? Watasema ndiyo. Waulize hii ilikuwa inahusu nini, na sasa hivi unataka kujua nini.

Wakijibu "kujua kama mahindi yamekauka" na "chumvi inafanyaje", umemaliza. Mmoja akijibu "chupa inaonyesha sumu", rudi hatua ya 3 hata kama mteja anasubiri, mtu mmoja kati ya wawili ni wengi sana. Kwetu dawa ingekuwa kubadilisha maandishi ya sekunde ya 21 yawe "Kupima ukavu: yamekauka, au bado?" na kuyarudia kwenye kapsheni ya posti.

Afu wapelekee wasemaji, na umpelekee mama wa kwanza. Yeye alisimulia hasara yake mbele ya watu 60 kwenye webina, hakukubali isimuliwe kwenye simu za watu elfu. Mtumie video yenyewe, sio skripti, na umuulize kwa simu ukimsikia sauti yake. Akisema ile ya magunia hapana, itoe, teza yako bado inasimama kwa meno na chupa, zile sekunde tano mpe mtaalamu aendelee na "punje inaweza kukauka nje ndani ikawa bado".

Ikishakubalika, linki usiweke ya mwanzo wa video. Mtu amekuja kwa ajili ya chumvi, ukimwangusha kwenye dakika kumi za kukaribisha wageni anaondoka. Mwanzishie dakika ya 44 na sekunde 30: 44 mara 60 ni 2640, jumlisha 30 unapata 2670, kwa hiyo mwisho wa linki fupi ya YouTube, ile ya `youtu.be`, unaongeza `?t=2670`, au `&t=2670` kama linki tayari ina alama ya `?`. Ataanza moja kwa moja na ile sentensi tuliyoikata, kwamba chupa haikuambii kama kuna sumukuvu, afu atasubiri chumvi mpaka 00:59:10.